Alama 40 au 16: kusoma jedwali la mchujo ambalo tayari limechapishwa

*Swali: Niko kwenye sekretarieti ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti moja hapa Kenya. Tulitangaza nafasi 3 za Afisa wa Ugavi, na jedwali la alama likachapishwa pamoja na tangazo. Sifa za lazima ni shahada ya ununuzi na ugavi, uanachama wa KISM na tajriba ya miaka 3 katika kazi ya ugavi. Alama zenyewe: shahada 20, uzamili 10 zaidi, uanachama 20, cheti cha kompyuta 10, na tajriba alama 8 kwa kila mwaka kamili unaozidi ile 3 ya lazima, mwisho 40. Tuliomba nakala za vyeti na barua za kazi. Maombi yalikuja 412, na 236 yana sifa za lazima. Shida ni mbili. Mimi na mwenzangu tunampa mtu yuleyule alama tofauti kabisa, hasa kwenye tajriba. Pili, tunataka kuwaita 15 kwa mahojiano, lakini 13 wana alama 84 kwenda juu na 9 wamefungana kwenye 82. Tufanyeje bila kuligusa jedwali?*

Nianze na kazi mnayopaswa kuifanya kesho asubuhi: simamisheni utoaji wa alama. Tofauti kati yako na mwenzako haitokani na uzembe wa yeyote. Jedwali lenu linasema alama 8 kwa mwaka kamili, lakini halisemi mwaka unahesabiwaje, unaanzia wapi, unaishia wapi, na unathibitishwa na karatasi gani. Kila mmoja wenu amejaza pengo hilo kwa akili yake mwenyewe. Mkiendelea hivyo mpaka faili ya 236, orodha itakayotoka haitakuwa ya jedwali lililochapishwa bali ya majedwali mawili ambayo hakuna mwombaji aliyewahi kuyaona.

Kinachohitajika ni kanuni za kusoma jedwali: karatasi moja au mbili inayosema kila mstari utasomwaje. Karatasi hiyo haiongezi kigezo wala haibadilishi alama. Ipelekwe kwenye bodi, ipitishwe, iingie kwenye kumbukumbu za kikao, kisha faili zote zianze upya, hata zile mlizokwisha kuzimaliza. Nasisitiza bodi, kwa sababu sekretarieti haina mamlaka ya kuamua tangazo la bodi lina maana gani. Na kwa kuwa tayari mmeziona faili, kila kanuni ijadiliwe kwa maneno ya tangazo tu. Mtu akisema "tukifanya hivyo fulani atatoka", mjadala huo usimame hapohapo.

Sasa tuchukue mwombaji mmoja wa kubuni tumfuate mpaka mwisho, maana kanuni zikiachwa hewani hazieleweki. Tumwite namba 117. Tuseme siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa 30 Juni 2025. Kwenye wasifu wake ameandika kazi tatu. Ya kwanza, karani wa stoo katika hospitali, kuanzia Machi 2017 hadi Februari 2019. Ya pili, msaidizi wa ununuzi katika shirika moja, kuanzia Januari 2019 hadi Desemba 2021. Ya tatu, afisa wa ununuzi katika kampuni, kuanzia Juni 2021 "hadi sasa". Kazi mbili za kwanza zina barua za mwajiri zenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ya tatu ina mkataba wa miaka 3 uliosainiwa, wa kuanzia 1 Juni 2021 hadi 31 Mei 2024. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mkataba ulirefushwa.

Mtoa alama wa kwanza anajumlisha wasifu: miezi 24, miezi 36, miezi 49. Anapata miezi 109, yaani miaka 9 na mwezi mmoja. Akitoa 3 ya lazima inabaki 6, mara 8 ni 48, na kwa kuwa kikomo ni 40 anaandika 40. Mtoa alama wa pili anasema stoo si ununuzi, anaifuta. Anaanzia Januari 2019, anaishia pale karatasi zinapoishia Mei 2024, anapata miezi 65. Hiyo ni miaka 5 kamili, akitoa 3 inabaki 2, anaandika 16. Wote wawili wanaweza kujitetea. Na wote wawili wamekosea.

Kosa la kwanza la yule wa kwanza ni kuhesabu muda mmoja mara mbili. Januari na Februari 2019 ziko kwenye kazi mbili, na Juni hadi Desemba 2021 vilevile. Mtu hakuishi miezi hiyo mara mbili. Kanuni iseme hivi: tajriba ni miezi ya kalenda ambayo mwombaji alikuwa kwenye angalau kazi moja inayohusika, na kila mwezi unahesabiwa mara moja. Njia nyepesi ni kuchora mstari wa miezi na kuweka kila kazi juu yake. Kosa lake la pili ni kuhesabu kipindi cha Juni 2024 hadi Juni 2025 kisicho na karatasi. Hapa kila kitu kinategemea tangazo. Nyinyi mliomba nakala za barua za kazi, kwa hiyo mnayo haki ya kuhesabu kilichothibitishwa peke yake. Kama tangazo lisingeziomba, ingebidi mkubali maelezo ya wasifu kwenye mchujo na kuyathibitisha baadaye, maana humwadhibu mtu kwa kukosa karatasi ambayo hukumwomba. Na hata sasa, msimpigie simu namba 117 alete barua iliyokosekana, isipokuwa mko tayari kuwapigia wote wenye upungufu wa aina hiyo na kuwapa siku zilezile.

Kosa la mtoa alama wa pili ni zito zaidi, kwa sababu linaonekana kama umakini. Tangazo lenu linasema "kazi ya ugavi". Kupokea bidhaa, kuzihifadhi, kutunza kadi za stoo na kuzitoa ni sehemu ya ugavi. Kama bodi ilitaka ununuzi peke yake, ingeandika ununuzi. Kulibana neno baada ya kuchapishwa ni sawa na kulibadilisha, na mwombaji aliyesoma tangazo hakuwa na njia ya kujua. Vivyo hivyo kwa wale wanaopenda kusema tajriba ihesabiwe baada ya shahada. Huenda ni wazo jema kwa tangazo lijalo, lakini kwenye hili halikuandikwa, kwa hiyo miaka ya kabla ya shahada inahesabiwa. Mnachoweza kudai ni kwamba barua yenyewe ionyeshe kazi ya ugavi. Barua inayosema tu "alifanya kazi kwetu kama msaidizi", bila cheo wala majukumu yanayohusika, haithibitishi ugavi hata kama wasifu unaeleza vizuri.

Basi tumhesabu namba 117 sawasawa. Stoo inampa miezi 24. Kazi ya pili ina miezi 36, toa 2 iliyogongana, inabaki 34. Kazi ya tatu imethibitishwa miezi 36, toa 7 iliyogongana, inabaki 29. Jumla ni miezi 87, ambayo ni miaka 7 na miezi 3. Miaka kamili ni 7, ukitoa 3 inabaki 4, mara 8 ni 32. Kwenye karatasi ya hesabu ya kompyuta, ikiwa jumla ya miezi iko kwenye seli F2, alama ya tajriba inatoka hivi:

```
=MIN(40,MAX(0,INT(F2/12)-3)*8)
```

Angalieni kwamba miaka inakatwa kuwa kamili mara moja tu, mwishoni, baada ya miezi yote kujumlishwa. Nimeona watu wakiikata kwa kila kazi. Mwombaji aliyefanya kazi nne tofauti, kila moja miezi 11, kwa hesabu hiyo anapata miaka 0, ilhali ana miezi 44 na amevuka miaka 3 ya lazima. Wanaoumia kwa kosa hili ni wale wa mikataba mifupi, na kwa kawaida ni vijana. Hivyo kabla ya kuamini ile idadi yenu ya 236, rudini kwenye faili zilizoondolewa kwa upungufu wa tajriba mhakikishe hamna mtu aliyetolewa kwa njia hiyo. Na muda wa kila mtu uishie siku ya mwisho ya kupokea maombi, si siku faili yake ilipofunguliwa. Faili 236 huchukua majuma kadhaa, na wa mwisho kufunguliwa hatakiwi kupata mwezi wa bure.

Kuhusu nyinyi wawili. Kila faili ipimwe na watu wawili wasioonyeshana, na kando ya kila alama kuwe na safu ya namba ya ukurasa ambako ushahidi upo. Alama isiyo na ukurasa haijatolewa. Safu hiyo ndiyo inayomaliza mabishano, kwa sababu mara nyingi mtagundua mmoja wenu hakuiona barua iliyobanwa nyuma ya vyeti. Zikitofautiana, msichukue wastani. Wastani wa 40 na 16 ni 28, na 28 si alama ambayo jedwali lenu linaweza kuitoa kwenye tajriba, maana hatua zake ni 0, 8, 16, 24, 32 na 40 tu. Alama isiyowezekana kwenye fomu ni kitu cha kwanza ambacho mkaguzi au wakili atakiona. Tafuteni chanzo cha tofauti. Kama ni ukurasa ulioachwa, sahihisheni. Kama ni kanuni yenye pengo, iandikeni, bodi iipitishe, kisha mrudie faili zote zinazoguswa na kanuni hiyo, si ile moja tu iliyowagombanisha. Pimeni kwanza faili 20 zilizochukuliwa sehemu mbalimbali za rundo. Mapengo mengi yatajitokeza hapo, kabla hamjafika mbali.

Sasa pale orodha inapoishia. Tisa kufungana kwenye 82 kunaonekana kama bahati mbaya, lakini jedwali lenu lilikuwa limeshaliamua hilo siku lilipochapishwa. Hebu tulifungue. Shahada na uanachama ni sifa za lazima, kwa hiyo kila mmoja wa wale 236 ana 20 na 20. Alama 40 kati ya 100 hazimtofautishi mtu na mwingine. Zinazobaki ni tajriba yenye ngazi 6, uzamili wa ndiyo au hapana, na kompyuta ya ndiyo au hapana. Ukizichanganya, jumla tofauti zinazowezekana ni 18 basi: 100, 92, 90, 84, 82, 80, na kuendelea chini mpaka 40. Watu 236 kwenye ngazi 18 ni kama 13 kwa kila ngazi, na hakuna ngazi yoyote kati ya 84 na 82 ambako orodha ingeweza kukatika kwa watu wachache zaidi. Ningependa bodi zote zifanye hesabu hii kabla ya kuchapisha. Sifa ikishakuwa ya lazima, kuipa alama ni kuzipoteza, na alama hizo zingetumika vizuri zaidi kwenye mambo yanayotofautiana.

Namba 117 hana uzamili ila ana cheti cha kompyuta, kwa hiyo jumla yake ni 20, 20, 32 na 10, yaani 82. Ni mfano wa mmoja wa wale tisa wenu. Angepewa 40 angekuwa na 90 na kuingia bila swali. Angepewa 16 angekuwa na 66 na kusahaulika. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye miezi.

Ushauri wangu kwa hali yenu ni kuwaita wote 22. Ile 15 ni idadi mliyojipangia wenyewe, haimo kwenye tangazo, na kumwongezea mtu nafasi ya kuhojiwa hakumnyang'anyi mwingine kitu. Watu 22 kwa nafasi 3 ni siku moja ya ziada ya mahojiano. Kama waliofungana wangekuwa 60, ningesema msimame kwenye 13, maana hao peke yao wanatosha kwa nafasi 3. Jambo ambalo halifai ni kuchagua 2 kati ya 9. Mkiwachagua kwa daraja la shahada, mmeongeza kigezo. Mkiwachagua kwa kura, hamna kifungu cha kusimamia. Wengine watawaambia mtumie miezi: mwenye miezi 94 amtangulie mwenye 87. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa miezi ni kigezo kilekile kikitazamwa kwa karibu, na mimi ningeikubali kama ingepitishwa kabla ya faili ya kwanza kufunguliwa. Leo mnawajua hao tisa. Kanuni yoyote ya kuwatenganisha mtakayoitunga leo itasomwa kama imetungwa kwa ajili ya mtu.

Najua swali litakalofuata kwenye kikao, la jamii na jinsia. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi zijazwe na watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti, na kinataja sifa za mtu, ushindani wa haki na uwakilishi kuwa mambo makuu ya kupima kama uteuzi ulikuwa wa haki. Nafasi inayodai tajriba ya miaka 3 ni vigumu kuiita ya kuanzia, lakini Kifungu cha 232 cha Katiba bado kinataka nafasi sawa kwa wanawake na wanaume, kwa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu. Hayo yote hayawapi ruhusa ya kuongeza alama zisizokuwepo kwenye jedwali. Malizeni alama kwanza, kisha wekeni kando ya orodha jinsia, jamii na ulemavu, mtazame picha inayotoka. Bodi ikiona pengo, inaweza kuipanua orodha kwa kumchukua mwenye alama za juu zaidi kutoka kundi lililokosekana, kwa alama zake halisi, sababu ikiandikwa kwenye kumbukumbu, na bila kumtoa mtu aliyekwisha kufika. Uamuzi huo ukifichwa ndani ya alama za mtu, hakuna atakayeweza kuutetea.

Jambo moja dogo ambalo hamkuliuliza, na huenda liko kwenye faili zenu. Kama kuna maombi mliyoyaondoa kwa kukosa vyeti vya kibali, yaani vya KRA, HELB, EACC, DCI au ofisi ya taarifa za mikopo, yarudisheni. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamzuia mwajiri kumdai mwombaji vyeti hivyo mpaka atakapokusudia kuingia naye mkataba wa maandishi. Ni gharama, na watu walikuwa wakizilipa kwa kila ombi la kazi. Wadaini wale 3 mtakaowateua.

Mwisho, weka kila faili ukifikiria itakavyosomwa na mtu asiyekuwepo. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ana siku 90 za kukata rufaa kwa maandishi kwenye Tume ya Utumishi wa Umma, chini ya Kifungu cha 77 cha sheria hiyohiyo ya 2012. Akija, watataka kuona vitu vinne: tangazo na jedwali kama vilivyochapishwa, kanuni za kusoma zilizopitishwa na tarehe yake, fomu mbili za alama zenye namba za kurasa, na maelezo ya kila mahali alama ilipobadilishwa, nani aliibadilisha na kwa nini. Ile fomu ya kwanza yenye kosa msiichane. Ikateni kwa mstari mmoja unaoacha alama ya zamani isomeke, muweke saini na tarehe. Na zile faili mlizopima kabla ya kusimama kesho, zifungeni pamoja na fomu zake za mwanzo, zikiwa na maandishi juu yake kwamba zilirudiwa baada ya kikao cha tarehe fulani.